Vont na font ni mapacha

Swali: Niko Kalemela, Busega, najifunza Kifaransa. Aller, venir, prendre na faire vinanichanganya wakati uliopo.

Jibu: Vigawe katika jozi mbili. Venir na prendre hushika n moja kwa nous na vous: venons, prenez. Kwa ils, n huwa mbili: viennent, prennent, na -ent ya mwisho haitamkwi.

Aller na faire vina kina kimoja kwa ils: vont, font. Tunga sentensi ya stendi: Ils vont à Bariadi, ils prennent le bus.

Mtego mkubwa ni “vous faisez”, ambalo hata wanafunzi wangu wazuri huliandika. Sema vous faites, kama vous êtes na vous dites. Hivyo vitatu huikataa -ez.