Ujumbe Uliomfikia Asiyehusika: Kuufuta, na Kujua Kama Tayari Umeonekana

Karibu kila mkazi mwenye simu amewahi kutuma ujumbe ukaenda kwa mtu mwingine. Mara nyingi ni jambo la kuchekesha. Lakini ujumbe ukiwa na deni la mtu, nakala ya kitambulisho au siri ya nyumbani, kicheko huisha. Somo hili linaeleza la kufanya katika dakika za kwanza, na hasa linajibu swali ambalo wengi hukosea: je, nikifuta, mwenzangu atakuwa hajaona?

Tutatumia WhatsApp, maana ndiyo wengi wetu wa Thika na Ruiru tunayotumia kila siku. Majina ya vitufe tunayaandika kama yanavyosomeka kwenye simu iliyowekwa lugha ya Kiingereza.

Mfano wetu

Tuchukue mfano wa mlinzi wa nyumba za kupangisha mjini Ruiru. Jioni ya Jumamosi, saa moja na dakika 40, anamwandikia mwenye nyumba: "Wa namba 7 hajalipa miezi miwili. Nimwambie ahame Jumatatu?" Anaambatanisha picha ya kitambulisho cha mpangaji huyo. Kwenye simu yake kuna "Kamau Landlord" na "Kamau Fundi". Kidole kinagusa jina la pili. Fundi huyo anaishi Makongeni, Thika, na anafahamiana vizuri na mpangaji wa namba 7.

Dakika mbili baadaye mlinzi anagundua kosa. Afanye nini?

Kwanza, tazama tiki

Kabla ya kugusa chochote, tupia jicho alama zilizo chini ya ujumbe. Hili halichukui hata sekunde moja, na baada ya kufuta hutaziona tena.

Alama ya saa ina maana kwamba ujumbe haujatoka kwenye simu yako. Tiki moja ya kijivu ina maana umetoka na kufika kwenye mitambo ya WhatsApp, lakini haujaingia kwenye simu ya mpokeaji. Huenda simu yake imezimwa, au hana bando. Tiki mbili za kijivu zina maana umeingia kwenye simu yake. Tiki mbili za samawati zina maana amefungua mazungumzo.

Hapa ndipo watu wengi hujidanganya. Wanaona tiki mbili za kijivu na kusema, "Bado hajasoma." Ukweli ni kwamba tiki za samawati huonyesha tu kwamba mazungumzo yamefunguliwa. Ujumbe unapoingia kwenye simu, kwa kawaida arifa hutokea juu ya skrini ikiwa na jina lako na maneno ya kwanza ya ujumbe. Mtu anaweza kuyasoma hapo hapo bila kufungua WhatsApp, na tiki zako zikabaki za kijivu. Isitoshe, wapo waliozima taarifa za kusomwa katika mipangilio yao. Hao hata wakisoma mazungumzo mazima, hutaona samawati.

Kwa hiyo kanuni ni rahisi. Tiki moja: kuna matumaini makubwa kwamba arifa haijamfikia. Tiki mbili za rangi yoyote: chukulia kwamba arifa imefika, na kwamba huenda imesomwa.

Pili, futa kwa njia iliyo sahihi

Bonyeza ujumbe na ushikilie hadi ubadilike rangi. Gusa alama ya pipa la taka, kisha uchague "Delete for everyone". Kama ulituma picha na maneno kando, hizo ni jumbe mbili. Hakikisha umechagua zote.

Usichague "Delete for me". Hiyo huondoa ujumbe kwenye simu yako peke yako. Mpokeaji anabaki nao, nawe huna tena cha kushika ili uufute kwake. Ukikosea hivyo, kwa sekunde chache neno "Undo" hutokea chini ya skrini. Liguse mara moja, ujumbe urudi, kisha ufute upya.

Muda wa kufutia kwa wote ni takriban siku mbili tangu kutuma. Hadi mwaka 2022 ulikuwa saa moja na dakika chache tu. Lakini muda huo mrefu usikufanye ulegee, maana unakupa ruhusa ya kufuta. Haukuhakikishii kwamba hakuna aliyeona.

Baada ya kufuta, kwako kutaandikwa "You deleted this message" na kwa mpokeaji "This message was deleted". Yaani atajua kwamba kulikuwa na kitu. Ufutaji wa WhatsApp huacha alama ya mahali ujumbe ulipokuwa.

Tatu, agizo la kufuta nalo husafiri

Jambo hili halielezwi mara nyingi, nalo ndilo kiini cha somo letu. Unapogusa "Delete for everyone", simu yako haiingii kwenye simu ya mwenzako. Inatuma agizo linalosema: ondoa ujumbe ule. Agizo hilo hupita njia ile ile ya intaneti, na ni lazima lipokelewe na simu ya pili ndipo lifanye kazi.

Simu ya mpokeaji ikiwa hewani, agizo hufika mara moja. Maneno huondoka kwenye mazungumzo, na arifa iliyokuwa juu ya skrini kwa kawaida hubadilika au kutoweka nayo.

Lakini turudi kwa fundi wetu wa Makongeni. Saa moja na dakika 40 alikuwa na bando, ujumbe ukaingia, arifa ikatokea. Dakika moja baadaye bando likaisha. Saa moja na dakika 42 mlinzi akafuta. Kwenye simu ya mlinzi pameandikwa "You deleted this message", naye akalala kwa amani. Kule Thika, agizo la kufuta halikuwa na njia ya kuingia. Arifa ilibaki pale pale usiku kucha ikiwa na maneno yote: "Wa namba 7 hajalipa miezi miwili." Fundi aliisoma alipokuwa akitazama saa. Asubuhi aliponunua bando, maneno yakatoweka. Kufikia hapo mpangaji wa namba 7 alikuwa ameshapigiwa simu.

Mlinzi hakuona tiki za samawati hata mara moja. Na WhatsApp haikumwambia kwamba agizo lake limechelewa, kwa sababu haimjulishi mtumaji pale ufutaji unaposhindikana. Ishara pekee aliyokuwa nayo ni zile tiki mbili za kijivu kabla ya kufuta.

Kama tiki ingekuwa moja, mambo yangekuwa tofauti. Ujumbe ungekuwa bado unasubiri kwenye mitambo, na bando lilipoingia, agizo la kufuta lingefuata ujumbe papo hapo. Mara nyingi mpokeaji wa namna hiyo hukuta tu kwamba ujumbe umefutwa.

Mahali ambapo kufuta hakufiki

Hata agizo likifika kwa wakati, kuna nakala lisizozigusa. Simu za Android kuanzia toleo la 11 zina sehemu iitwayo "Notification history" ndani ya mipangilio ya arifa. Ikiwa mwenye simu aliiwasha mapema, huhifadhi arifa za saa 24 zilizopita, pamoja na maneno yaliyoonekana. Kwenye aifoni, picha iliyohifadhiwa katika albamu ya simu inaweza kubaki humo hata baada ya kufutwa kwenye mazungumzo. Na mtu akishapiga picha ya skrini au kumtumia mwingine, ufutaji wako hauhusiki na nakala hiyo.

Ujumbe wa kawaida wa SMS ni mgumu zaidi. Ukishatoka haurudi, kuufuta kwenye simu yako hakuondoi chochote kwa aliyeupokea. Instagram na Telegram zinaruhusu kuondoa ujumbe pande zote mbili bila kuacha maandishi ya kuonyesha kwamba ulifutwa, lakini arifa iliyokwisha kusomwa imesomwa.

Nne, sema na mtu

Ikiwa ulikuwa na tiki mbili, hatua inayofuata ni kupiga simu, na kama haiingii, kuandika SMS, maana hiyo haihitaji bando. Mlinzi wetu angeweza kusema hivi: "Kamau, habari ya jioni. Nimekutumia ujumbe wa mtu mwingine kwa makosa, nami nimeufuta. Tafadhali usimwambie mtu, na kama picha imeingia kwenye simu yako, naomba uifute." Usirudie yaliyomo. Anayeombwa kwa heshima huwa mwepesi kutunza siri kuliko anayekuta tu "This message was deleted" na kuanza kujiuliza alifichwa nini.

Kisha mwambie mwenye habari. Mpangaji wa namba 7 ana haki ya kujua kwamba picha ya kitambulisho chake ilikwenda pengine, ili awe macho. Ikiwa ulichotuma ni namba ya siri ya M-Pesa au ya benki, ibadilishe saa hiyo hiyo; usitegemee kufuta.

Kwa shule, sacco, kliniki na wengine wanaotunza habari za watu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka zaidi. Habari za mtu zikimfikia asiyeruhusiwa, na pakawa na hatari ya kweli ya kumdhuru mwenyewe, Kamishna wa Data anapaswa kujulishwa ndani ya saa 72 tangu kugundua.

Aliyepokea naye ana wajibu. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, kifungu cha 35, inasema kwamba anayeficha au kuzuia kwa makusudi ujumbe, au malipo ya kielektroniki, yaliyomfikia kimakosa na yaliyopaswa kumfikia mwingine, ametenda kosa. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili.

Jaribu nyumbani

Chukua simu mbili za nyumbani. Tuma ujumbe kutoka simu ya kwanza, na arifa ikishatokea kwenye ya pili, zima data ya simu hiyo ya pili. Sasa futa kwa wote ukitumia simu ya kwanza, kisha utazame skrini zote mbili. Moja itasema umefuta. Nyingine bado itakuwa inaonyesha maneno yako. Washa data, uone yanavyoondoka.

Mwisho, fungua orodha ya majina kwenye simu yako leo. Wakina Kamau, Wanjiku na Mama Brayo wakiwa wawili wawili, waongezee jina la pili au mtaa, na uliweke mwanzoni ambapo jicho huanza kusoma. "Fundi Kamau Makongeni" si rahisi kumchanganya na "Landlord Kamau".