Kupiga Picha ya Doa la Unyayo kwa Simu ili Daktari wa Ngozi Aweze Kuliamua

Mwongozo huu ni wa mhudumu wa zahanati ambaye daktari wa ngozi yuko mbali naye na mawasiliano yao ni ya simu. Mfano utakaotumika tangu mwanzo hadi mwisho ni mmoja: mkulima wa miaka 58 mwenye doa jeusi kwenye unyayo wa kushoto, karibu na kisigino, lenye urefu wa milimita 14 na upana wa milimita 9. Unyayo umechaguliwa kwa sababu. Kwa watu weusi, saratani ya seli za rangi ya ngozi, yaani melanoma, hujitokeza zaidi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Lakini madoa yasiyo na madhara nayo ni mengi kwenye nyayo hizo hizo. Daktari huyatofautisha kwa kuangalia kingo, rangi, ukubwa na mwinuko, na picha mbaya hupotosha vyote vinne.

Maneno matatu yatatumika kwa maana moja tu. Doa ni sehemu yote ya ngozi iliyobadilika, iwe imebadilika rangi, imevimba au ina kidonda. Kipimo ni karatasi yenye alama za milimita itakayowekwa kando ya doa. Mng'ao ni weupe wa mwanga unaorudi kutoka kwenye ngozi na kuficha rangi yake.

Hatua ya 1: Andaa vifaa.

Weka mezani simu yenye kamera nzuri ya nyuma, rula, karatasi ngumu nyeupe isiyong'aa, kalamu nyeusi yenye ncha nyembamba, mkasi, glavu, sabuni, maji, vipande vya shashi, na kitambaa cha rangi moja cha bluu au kijivu kisichong'aa. Usitumie kitambaa cheusi wala cheupe. Kamera ya simu hujaribu kuipa kila picha mwanga wa wastani. Ikiona weusi mwingi huongeza mwanga, na doa jeusi hutoka likiwa la kahawia. Ikiona weupe mwingi hupunguza mwanga, na rangi zote za doa huwa nyeusi.

Kata kipimo chenye umbo la herufi L. Kila mkono uwe na urefu wa sentimita 5 kwenye ukingo wa ndani na upana wa sentimita 1. Weka rula kwenye ukingo wa ndani wa kila mkono, kisha chora alama kila baada ya milimita 1, na alama ndefu yenye namba kila baada ya milimita 10. Usitoe kivuli cha rula kwa mashine ya fotokopi, kwa maana mashine inaweza kubadilisha ukubwa bila wewe kujua. Andika kwenye kona ya kipimo namba ya mgonjwa na tarehe. Usiandike jina.

Ukaguzi: weka rula juu ya kipimo. Alama ya 50 ya kipimo iangukie alama ya 50 ya rula.

Hatua ya 2: Omba ridhaa.

Mweleze mgonjwa mambo manne: ni sehemu gani itakayopigwa picha, nani ataiona, itahifadhiwa wapi na lini itafutwa kwenye simu. Akikubali, andika ridhaa yake kwenye faili. Nchini Tanzania picha hii ni taarifa inayolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Akikataa, ishia hapa na umwandikie rufaa ya kawaida.

Hatua ya 3: Safisha doa bila kulikwangua.

Vaa glavu. Osha unyayo kwa maji na sabuni hadi udongo na mafuta ya kupaka yatoke, kisha ukaushe kwa shashi kwa kugusa, si kwa kusugua. Subiri dakika 5 ili maji yaliyobaki yakauke, maana ngozi yenye maji au mafuta huleta mng'ao.

Muulize mgonjwa kama amepaka hina, dawa ya zambarau ya vidonda au dawa ya majani. Rangi ya hina haitoki kwa sabuni, na inaweza kuficha ukingo wa doa. Ikiwa ipo, endelea, lakini iandike katika maelezo ya Hatua ya 8. Kama doa lina kigaga, kiache. Kigaga ni sehemu ya kinachopaswa kuonekana.

Hatua ya 4: Panga mwanga.

Fanya kazi hii kati ya saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri. Sogeza kitanda hadi kiwe mita 1 kutoka dirishani, upande ambao jua haliingii moja kwa moja. Zima taa zote za chumba, kwa sababu taa na mwanga wa mchana vikichanganyika rangi ya ngozi hubadilika. Kama nje ya dirisha kuna turubai la bluu au ukuta wa kijani, tumia dirisha lingine. Rangi ya kitu hicho itaingia kwenye picha.

Ukaguzi: shika kipimo mahali ambapo unyayo utakuwa. Weupe wake uonekane mweupe, usio na umanjano wala ubluu, na kivuli cha kidole chako juu yake kiwe na ukingo laini. Kivuli chenye ukingo mkali kinaonyesha kuwa jua linapiga moja kwa moja. Funika dirisha kwa shuka jepesi jeupe, kisha kagua tena.

Hatua ya 5: Mlaze mgonjwa.

Mlaze kifudifudi, miguu miwili ikitokeza nje ya ukingo wa kitanda kwa sentimita 15. Dirisha liwe upande wa kushoto au kulia wa miguu. Lisiwe nyuma yako, kwani kivuli chako kitaangukia doa. Tandika kitambaa chini ya vifundo na kiache kining'inie ili kifunike kitanda nyuma ya miguu. Sasa nyayo zimekutazama wewe uliyekaa kwenye stuli, na simu inaweza kushikwa wima bila kuinama.

Hatua ya 6: Rekebisha simu.

Futa lenzi kwa shashi kavu. Fungua kamera ya nyuma na uchague `Photo`. Usichague `Portrait`, kwa sababu huufifiza ukingo wa kitu. Weka ukuzaji kwenye `1x`. Zima flashi, vichujio vya urembo na uwekaji wa eneo kwenye picha.

Hatua ya 7: Piga picha nne kwa mfuatano huu.

Kabla ya kila picha, gusa doa kwenye kioo cha simu ili kamera ililenge, egemeza viwiko kwenye magoti na usivute pumzi wakati wa kubonyeza. Kila picha ipige mara tatu.

Picha A, ya mahali: kaa sentimita 60 kutoka kwenye miguu. Nyayo zote mbili zionekane kuanzia vidole hadi visigino. Unyayo wa kulia unahitajika ili daktari ajue kama mgonjwa ana madoa mengine yanayofanana na hili.

Picha B, ya karibu bila kipimo: sogea hadi sentimita 25. Doa liwe katikati na ngozi nzima ionekane pande zote. Usisogee zaidi ya hapo. Baadhi ya simu haziwezi kulenga kwa karibu zaidi, na nyingine hubadili lenzi zenyewe na kupinda umbo.

Picha C, ya karibu na kipimo: rudia picha B, sasa kipimo kikiwa kimelala juu ya ngozi, milimita 5 kutoka kwenye ukingo wa doa. Mikono ya L ifuate urefu na upana wa doa. Kipimo kisifunike doa, na kisiinuke kutoka kwenye ngozi. Kikiwa sentimita 5 mbele ya ngozi wakati simu iko sentimita 25 kutoka kwenye doa, kipimo huonekana kikubwa kupita kiasi, na doa letu la milimita 14 husomeka kama la milimita 11 hivi.

Mgongo wa simu uwe sambamba na ngozi. Ukiinamisha simu kwa nyuzi 30, urefu wa milimita 14 hufupika hadi kama milimita 12. Kwa nyuzi 45 hufupika hadi kama milimita 10. Ndiyo maana kipimo kina mikono miwili: simu ikiinama, mkono mmoja hufupika kuliko mwingine, na kosa huonekana.

Picha D, ya upande: ondoa kipimo. Hamisha simu hadi itazame doa kwa mshazari wa nyuzi 45, kutoka upande ulio mkabala na dirisha. Mwanga unaokuja kutoka mbele huonyesha kama doa limeinuka au liko sawa na ngozi. Mng'ao kidogo unaruhusiwa katika picha hii peke yake.

Hatua ya 8: Kagua, kisha andika maelezo.

Mgonjwa asishuke kitandani bado. Fungua kila picha na uikuze, kisha jibu maswali matano. Je, mistari ya asili ya ngozi ya unyayo inaonekana kandokando ya doa? Je, alama za milimita 1 zinahesabika katika picha C? Je, sentimita 5 za mkono mmoja zina urefu sawa na za mkono mwingine? Je, doa linaonekana bila mng'ao katika picha B na C? Je, rangi ya doa kwenye simu inalingana na rangi unayoiona kwa macho?

Jibu la "hapana" hata kwa swali moja linakurudisha kwenye Hatua ya 7. Katika mfano wetu, mistari ya kipimo ilikuwa mikali lakini ya ngozi ilififia: mhudumu aligusa kipimo badala ya doa. Alirudia kwa kugusa doa, na mistari ikaonekana. Doa nalo lilitoka la kahawia ilhali kwa macho ni jeusi. Alishusha alama ya mwanga kwenye kioo cha simu hadi rangi zikalingana, kisha akapiga upya picha zote nne.

Chagua picha moja bora kutoka kila kundi la tatu. Kisha andika: "Namba 17. Mwanamume, miaka 58. Doa unyayo wa kushoto, karibu na kisigino, milimita 14 kwa 9. Ameliona kwa miezi 8, linapanuka. Haliumi, halijatoka damu. Hakupaka hina wala dawa."

Hatua ya 9: Tuma, thibitisha, futa.

Katika WhatsApp, ambatisha picha kwa kuchagua `Document`. Ukizituma kama picha za kawaida, programu huzipunguza ubora, na mistari ya ngozi hupotea. Mwombe daktari ajibu kama anaweza kusoma alama za milimita katika picha C. Akijibu ndiyo, hamishia picha kwenye kumbukumbu za zahanati, kisha zifute kwenye simu, kwenye mazungumzo na kwenye pipa la picha zilizofutwa. Chana kipimo, kila mgonjwa atengenezewe chake.

Mipaka ya picha

Picha haionyeshi ugumu wa doa, joto lake wala ganzi. Kwa hiyo baka lililopauka linaloshukiwa kuwa la ukoma lazima lipimwe hisia kwa mkono. Picha pia haithibitishi saratani. Kinachoithibitisha ni kipande cha ngozi kilichokatwa na kupimwa maabara. Mgonjwa mwenye doa linalotoka damu, lililochimbika kuwa kidonda, au mwenye uvimbe wa tezi kwenye kinena, mpe rufaa siku hiyo hiyo. Picha zimfuate njiani, yeye asizisubiri.