Uwiano Unapodanganya: Kabla Hujalinganisha Kampuni Mbili

Supamaketi ina mali za muda mfupi za shilingi milioni 80 na madeni ya muda mfupi ya milioni 100. Uwiano wa mali hizo kwa madeni hayo ni 0.8, ilhali kiwanda cha saruji kina uwiano wa 2. Je, supamaketi inaelekea kufilisika?

Si lazima. Supamaketi huuza leo kwa fedha taslimu, na msambazaji wake huenda akalipwa baada ya mwezi mzima. Kiwanda huhifadhi vipuri na husubiri wadaiwa. Uwiano wa 0.8 upimwe dhidi ya supamaketi nyingine. Benki ndiyo usiiingize kabisa hapa: amana za wateja ni madeni yake, na ndiyo biashara yenyewe.

Wanunuzi wawili wa korosho Mtwara: mmoja hufunga hesabu Desemba, mwingine Juni. Wa Juni anaonekana kuwa na ukwasi zaidi. Kwa nini?

Huenda ni msimu tu. Tuseme Desemba bohari zimejaa na mkopo wa benki haujalipwa: mali za muda mfupi ni milioni 500, madeni ni 400, uwiano 1.25. Kufikia Juni mzigo umeuzwa na mkopo wa milioni 350 umelipwa. Hata tukiiacha faida kando, zinabaki mali za 150 kwa madeni ya 50, uwiano 3. Hiyo ni kampuni ileile. Kwa anayefunga Desemba, tafuta hesabu zake za nusu mwaka. Hapo utalinganisha Juni kwa Juni.

Na sera za kihasibu?

Hapa ndipo wengi huteleza. Chukua hoteli mbili zinazofanana: kila moja ina mali za milioni 1,000, mkopo wa 600, mtaji wa 400 na faida ya 100. Faida ni asilimia 10 ya mali, na mkopo ni mara 1.5 ya mtaji. Sasa moja inathaminisha upya jengo lake, jambo linaloruhusiwa na kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 16, na mali zinapanda hadi 2,000. Ongezeko halipiti kwenye faida. Tukiacha kodi, lote linaingia kwenye mtaji. Faida inakuwa asilimia 5 ya mali, na miaka inayofuata itashuka zaidi kwa sababu uchakavu wa jengo umeongezeka. Mkopo nao umeshuka hadi mara 0.43 ya mtaji. Hoteli imeonekana mvivu wa kuzalisha na wakati huohuo salama kwa mkopeshaji, ilhali hakuna kitanda kilichoongezwa.

Nitagunduaje kwamba mali zimethaminishwa upya?

Angalia kwenye mtaji kama kuna akiba ya kuthaminisha mali. Ikiwepo, iondoe kwenye mtaji na kwenye mali, kisha rudisha kwenye faida uchakavu wa ziada uliotajwa katika maelezo ya hesabu. Maelezo yasipoutaja, usiandike uwiano wa faida wa kampuni hizo mbili katika jedwali moja.