Kiti hiki kimenigharimu kiasi gani hasa?

Swali: Nimeleta Dar es Salaam viti vya plastiki na kufuli katika kontena moja. Bili za usafiri, ushuru na upakuaji nazigawaje?

Jibu: Kila bili iulize ilipandishwa na nini. Tuseme viti ni 500 kwa shilingi 8,000 kimoja, vikachukua mita za ujazo 18. Kufuli ni 2,000 kwa 6,000, zikachukua mita 2 tu. Meli na bima ni milioni 4. Kilichojaza kontena ni viti, kwa hiyo vibebe asilimia 90 ya bili hiyo: 7,200 kila kimoja. Kufuli moja itabeba 200. Lori na wapakuaji, 800,000, wagawe vivyo hivyo: 1,440 kwa kiti, 40 kwa kufuli.

Swali: Na ushuru?

Jibu: Huo usiugawe kwa kukadiria. Hati ya forodha inaonyesha ushuru wa kila aina ya bidhaa, nao hukokotolewa kwa thamani pamoja na usafiri na bima. Tuseme hati inasema viti 1,750,000 na kufuli 3,750,000. Basi ni 3,500 kwa kiti na 1,875 kwa kufuli. Kiti kimefika ghalani kwa 20,140, kufuli kwa 8,115.

Swali: Mhasibu wangu hugawa kila kitu kwa thamani ya ununuzi. Kuna ubaya?

Jibu: Upo, na ni mkubwa. Kwa njia hiyo kiti kinaonekana 13,150. Ukikiuza 18,000 unadhani umepata 4,850, kumbe umepoteza 2,140. Kufuli nazo zinaonekana ghali kuliko zilivyo, unapandisha bei, wateja wanakwenda duka la pili. Jumla ya vitabu inabaki sawasawa, ndiyo maana kosa hili halionekani kwenye hesabu za mwisho wa mwaka. Dalili yake ni bidhaa kubwa nyepesi inayouzika upesi huku fedha za kuagizia tena zikipungua.

Swali: VAT na faini za bandari?

Jibu: Ukiwa umesajiliwa na unairejesha VAT, isiingie kwenye gharama ya bidhaa. Usiporejeshewa, iingie. Tozo za kuchelewesha kontena kwa sababu nyaraka zilikawia ziandike matumizi ya kipindi hicho. Ukizipachika kwenye viti, mzigo ujao utalinganishwa na bei isiyo ya kawaida.

Swali: Bili ya lori imefika nusu ya viti vikiwa vimeshauzwa.

Jibu: Sehemu ya viti ni 720,000. Nusu, 360,000, iende kwenye gharama ya vilivyouzwa. Nusu nyingine iongezwe kwa vilivyobaki. Mara nyingi watu huibebesha yote kwa vilivyobaki, na kiti kilekile kinapanda kwa 1,440 zaidi. Afadhali siku mzigo unapoingia uweke makadirio ya bili ambazo hazijafika katika akaunti ya muda. Zikishalipwa zote, akaunti hiyo isome sifuri. Isiposoma, kuna bili uliyoikadiria vibaya au ambayo bado haijaletwa.