Aya Moja, Hoja Moja: Namna ya Kupitia Rasimu ya Insha

Rasimu ya kwanza hufuata mpangilio ambao mawazo yalimjia mwandishi, na mara nyingi huo sio mpangilio anaouhitaji msomaji. Ndiyo maana ukaguzi hauanzi na tahajia. Huanzia pambizoni: kando ya kila aya mwandishi huandika kwa penseli, kwa maneno machache, aya hiyo inasema nini. Akijikuta analazimika kuongeza "na pia", basi aya imebeba hoja mbili.

Aya kama hii huonekana sana kwenye madaftari ya sekondari:

"Mifuko ya plastiki huziba mitaro. Tanzania Bara iliipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019. Mifuko hiyo pia huliwa na ng'ombe. Kenya ilitangulia mwaka 2017. Hata hivyo, vikapu vya ukili vinapatikana sokoni."

Kila sentensi ni ya kweli, lakini msomaji anayumbishwa. Pambizoni pataandikwa "madhara ya mifuko na pia sheria", huku vikapu vikibaki bila pa kukaa. Kosa la "hata hivyo" ni zito zaidi, kwani neno hilo linaahidi ukinzani, na hapa hakuna kinachokinzana na chochote.

Tiba ni kutenganisha. Sentensi za madhara zinakwenda pamoja, za sheria zinapata aya yake, na vikapu vinasubiri aya ya vifungashio mbadala. Kama insha haina aya hiyo, sentensi ya vikapu inafutwa, hata kama mwandishi anaipenda. Matokeo yake ni haya:

"Mifuko ya plastiki huziba mitaro, na mvua ikinyesha maji hufurika mitaani. Mifuko hiyohiyo ikifika jalalani humezwa na ng'ombe wanaojitafutia chakula, ikawakwama tumboni.

Madhara hayo yalizisukuma serikali kuchukua hatua. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019."

Daraja kati ya aya hizo mbili ni maneno "madhara hayo". Yanashika jambo ambalo msomaji amekwisha kulijua, kisha yanamvusha hadi kwenye jambo jipya. Kiunganishi kama "aidha" au "vilevile" hakiwezi kufanya kazi hiyo, kwa sababu kinaongeza tu bila kueleza uhusiano. Wanafunzi wengi hukirundika mwanzoni mwa kila aya wakidhani mtiririko umepatikana. Kipimo ni kukifunika kwa kidole na kusoma tena: maana isipopungua, kiondolewe.

Kisha mwandishi asome sentensi ya kwanza ya kila aya, moja baada ya nyingine, kwa sauti. Zikisimulia hoja nzima ya insha bila kuruka, mpangilio umekaa sawa. Zikiruka, aya zihamishwe kwanza, daraja liandikwe baadaye.

Tahajia na alama za uandishi hukaguliwa mwisho kabisa, kwani hakuna faida ya kusahihisha sentensi itakayofutwa.