SOMO: KUPANGA KAMERA YA GHALA KWA SIMU YENYE LUGHA YA KIGENI

Ghala la mpunga la chama cha msingi ni mali ya wanachama wengi iliyowekwa chini ya ufunguo mmoja. Tangu Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, gunia lililopokelewa ghalani ni deni linalodaiwa kwa maandishi. Kwa sababu hiyo vyama kadha vimenunua kamera ndogo zinazopeleka picha kwenye simu ya mtunza ghala. Kamera hizo hufika na programu iliyoandikwa kwa Kiingereza au Kichina, nayo makosa mengi huzaliwa hapo. Somo hili linaeleza mipango minne ambayo chama hakina budi kuielewa.

Ichukuliwe kwa mfano ghala moja la Idodi, katika Wilaya ya Iringa. Kamera imefungwa juu ya ukuta, inatazama mlango, uwanja wa kuanikia mpunga, na kipande cha barabara iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

1. Lugha na saa

Programu nyingi hufuata lugha ya simu. Simu ikiwa imewekwa Kiswahili, na programu haina Kiswahili, programu hurudi kwenye lugha ya mtengenezaji, ambayo huenda ikawa Kichina. Dawa yake si kufuta programu. Katika simu za Android, mtunza ghala afungue orodha ya lugha za simu, aache Kiswahili mahali pa kwanza, na kuongeza "English" mahali pa pili. Kama programu ina Kiingereza, itakitumia, na simu yenyewe itabaki katika Kiswahili.

Saa nazo ni lugha. Programu huhesabu siku kuanzia usiku wa manane, hata ikawa saa 8 usiku yetu huandikwa 02:00. Mtunza ghala atakaye ulinzi wa saa 1 usiku hadi saa 12 asubuhi, kisha akaandika 01:00 hadi 12:00, ameagiza ulinzi uanze saa 7 usiku na kuisha saa 6 mchana. Yampasa kuandika 19:00 hadi 06:00. Programu ikikataa kuvuka usiku wa manane, aandike mistari miwili: 19:00 hadi 23:59, na 00:00 hadi 06:00.

Tena atazame "Time zone". Saa za Tanzania ni GMT+3. Kamera iliyobaki na saa za China, yaani GMT+8, huandika saa 5 mbele. Mwizi aliyeingia saa 8 usiku ataonekana kwenye picha kuwa aliingia saa 1 asubuhi, na mlinzi wa zamu ya mchana ndiye atakayeulizwa.

2. Eneo la kutazamwa

Kamera za kawaida hutambua mwendo kwa kulinganisha picha moja na ile iliyoitangulia. Kinachobadilika huhesabiwa kuwa mwendo, liwe gari la watalii, mbuzi, au kivuli cha mti. Kwa hiyo programu humruhusu mtumiaji kuchora eneo ambalo mwendo wake ndio utakaopigiwa taarifa. Huandikwa "Activity Zone", "Motion Zone" au "Detection Area".

Katika ghala la mfano, barabara iachwe nje ya mchoro. Lichorwe eneo la mlango wote, pamoja na hatua chache za ardhi mbele yake, ili mtu aonekane kabla hajagusa kufuli. Mchoro unaogusa kufuli peke yake huchelewa.

Mahali pa hatari ni pale panapoandikwa "Privacy Zone" au "Privacy Mask". Maneno haya yanafanana na yale ya kwanza, lakini kazi yake ni kinyume: eneo lililochorwa hapo hufunikwa, wala halirekodiwi. Aliyechora mlango hapo ameuficha mlango. Dalili yake ni kipande cheusi ndani ya picha.

3. Wepesi wa kuhisi

"Sensitivity" ni wepesi wa kamera kuhisi mwendo. Ukiongezwa, taarifa huongezeka. Baadhi ya programu zina neno jingine, "Threshold", yaani kiwango ambacho mwendo sharti ukivuke. Hicho kikiongezwa, taarifa hupungua. Asiyetofautisha haya mawili huzidisha ugonjwa alioutaka kuuponya.

Usiku, taa ya kamera isiyoonekana kwa macho huangaza wadudu na utando wa buibui ulio karibu na kioo, nao huonekana wakubwa kama watu. Kabla ya kushusha wepesi, kioo kifutwe na utando uondolewe. Kisha wepesi uwekwe katikati, na mtu atembee kutoka uwanjani hadi mlangoni, mchana mara moja na usiku mara moja, pole pole na akiwa ameinama. Taarifa isipofika, wepesi upandishwe kidogo na jaribio lirudiwe. Zikija taarifa nyingi zisizo na mtu, ushushwe kidogo, na mtu atembee tena. Kila badiliko liandikwe kwenye daftari la ghala pamoja na tarehe. Taarifa mia kwa usiku ni sawa na kukosa taarifa, kwani mtunza ghala huizima simu na kulala.

4. Kuhifadhi picha

Picha huhifadhiwa katika kadi iliyo ndani ya kamera, au kwenye mitambo ya mbali kwa malipo, iitwayo "Cloud Storage". Mwizi akiichukua kamera, kadi huenda nayo, bali zilizokwisha pelekwa mbali hubaki.

Hesabu yake ni hii. Kamera inayotuma megabiti 1 kwa sekunde hutumia megabaiti 7.5 kwa dakika, yaani gigabaiti 10.8 kwa siku nzima. Kadi ya gigabaiti 64 hujaa kabla ya siku 6 kutimia, kisha picha mpya hufuta za zamani. Lakini ikirekodi mwendo tu, tuseme vipande 20 vya sekunde 30, ni dakika 10, sawa na megabaiti 75 kwa siku. Barabara ikiachwa ndani ya mchoro na vipande vikawa 400, ni gigabaiti 1.5 kila siku, na bando la chama haliwezi kustahimili.

Hapa ndipo ulipo msingi wa somo. Chama kinachohesabu magunia kila mwisho wa mwezi, huku kimelipia hifadhi ya siku 7, kitagundua upungufu baada ya ushahidi kufutika. Siku za hifadhi sharti zizidi siku zilizo kati ya hesabu moja na nyingine: ama hifadhi ya siku zaidi ya 31, ama magunia yahesabiwe kila siku 5. Na neno "Format" lisiguswe, kwa maana hufuta kadi yote.

Mwisho, akaunti ifunguliwe kwa anwani ya chama, si ya fundi, na nywila yake ibadilishwe kila mtunza ghala anapoondoka. Ibandikwe pia ilani mlangoni, kwa kuwa picha za watu zinaangukia chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Maswali ya kujadiliana

1. Kamera ya chama chenu inaonyesha saa ngapi sasa hivi? Ilinganisheni na saa ya ukutani.
2. Picha ya siku ya hesabu iliyopita ingalipo? Ifungueni mbele ya bodi.
3. Ni nani mwenye nywila, na nani aliyekuwa nayo kabla yake?