Faneli ya Waombaji wa Leseni: Jinsi Umbo Lake Linavyoficha Mahali Watu Wanapopotelea

Katika taarifa za robo mwaka zinazowasilishwa kwenye vikao vyetu, mchoro mmoja umeanza kuzoeleka. Ni ule unaofanana na faneli ya kumiminia mafuta ya taa kwenye chupa: mpana juu, mwembamba chini. Juu huwekwa idadi ya watu walioanza kutafuta huduma, na chini idadi ya waliokwisha kuipata. Kati ya ncha hizo mbili hupangwa hatua zote ambazo mwananchi hupitia. Mchoro huu huitwa chati ya faneli, na kwa asili ni chombo cha wafanyabiashara, ambao huutumia kuhesabu wangapi kati ya waliotazama bidhaa waliishia kuinunua.

Nimewahi kuhudhuria kikao ambamo chati ya namna hiyo ilioneshwa ukutani. Kila jicho lilikimbilia juu, mahali palipokuwa na mporomoko mkubwa kuliko pengine popote, na ndani ya dakika kumi ikapendekezwa kukodi gari la matangazo. Hakuna aliyeuliza iwapo watu waliopungua pale juu walikuwa wamepotea kweli. Makala haya yanahusu swali hilo. Tutatumia mfano wa leseni za biashara za Kundi B, ambazo hutolewa na halmashauri. Tarakimu nitakazozitumia ni za mfano tu. Nimezichagua ili hesabu iwe nyepesi kufuatika, wala si takwimu za halmashauri yoyote.

Tuchukulie kwamba katika robo moja ya mwaka watu 1,000 wamefungua akaunti kwenye mfumo au wameuliza habari za leseni dirishani. Kati yao 520 wameanza kujaza ombi, 400 wamelikamilisha pamoja na viambatisho na kulituma, 360 wameidhinishwa na Afisa Biashara, 350 wamepewa namba ya kumbukumbu ya malipo, na 260 wamelipa. Ukiichora, utapata faneli nzuri yenye bega kubwa juu, kisha mteremko wa taratibu hadi chini.

Bega hilo ndilo hudanganya kwanza. Kutoka 1,000 hadi 520 ni pungufu ya watu 480, ambao ni wengi kuliko pungufu zote nyingine zikijumlishwa. Lakini ni akina nani hao? Yumo aliyekuja kuuliza bei ya leseni kwa ajili ya mdogo wake. Yumo aliyesahau nywila akafungua akaunti ya pili, hivyo akahesabiwa mara mbili. Yumo ambaye biashara yake ni ya Kundi A, akaelekezwa BRELA kama inavyotakiwa; huyo amehudumiwa vizuri, ila kwenye mchoro anaonekana ametuponyoka. Hatua ya juu ya faneli karibu kila mara huwa na mchanganyiko wa namna hii, kwa sababu mlango wa kuingilia hauna sharti. Kwa maoni yangu, ni salama zaidi kuanza kuhesabu pale mtu anapofanya tendo linaloonesha nia, yaani anapoanza kujaza ombi, na hatua ya juu ikaandikwa pembeni kama maelezo tu.

Basi tuanze na wale 520. Sasa badala ya kutazama upana, tugawe kila hatua kwa hatua iliyoitangulia. Kwenye jedwali la kompyuta, kama idadi zimepangwa katika safu B kuanzia mstari wa pili, fomula ni hii:

```
=B3/B2
```

Tutaona kwamba kati ya kuanza na kutuma ombi wamepungua 120, sawa na asilimia 23. Kati ya kupewa namba ya malipo na kulipa wamepungua 90, sawa na asilimia 26. Hatua nyingine zina upungufu mdogo. Kumbe hatua ya malipo, ambayo kwenye mchoro ilionekana kama mteremko wa kawaida kwa kuwa iko chini kwenye wembamba, inapoteza sehemu kubwa kidogo kuliko ile ya viambatisho. Hapa ndipo wengi wetu tungesimama na kuandika pendekezo: matatizo ni mawili, yote ya wastani, na yanawahusu waombaji wote.

Pendekezo hilo lingekuwa na kosa. Waombaji wa leseni si kundi moja. Kuna anayehuisha leseni aliyokuwa nayo, na kuna anayeomba kwa mara ya kwanza. Tukiwatenganisha, jedwali letu linakuwa hivi:

| Hatua | Wote | Wanaohuisha | Wapya |
|---|---|---|---|
| Walioanza ombi | 520 | 300 | 220 |
| Waliotuma | 400 | 270 | 130 |
| Walioidhinishwa | 360 | 260 | 100 |
| Waliopewa namba ya malipo | 350 | 255 | 95 |
| Waliolipa | 260 | 175 | 85 |

Tazama safu ya wapya. Kwenye viambatisho wamepungua 90 kati ya 220, yaani wanne katika kila kumi. Wakishavuka hapo na kupewa namba, karibu wote hulipa; kati ya 95 wamebaki 10 tu. Wanaohuisha wako kinyume chake. Viambatisho haviwasumbui, kwa kuwa wana TIN na mkataba wa pango tangu mwaka uliopita, lakini kati ya 255 waliopewa namba ya malipo, 80 hawajalipa. Hiyo ni asilimia 31. Kila kundi lina tundu moja kubwa mahali pake, na kila kundi halina shida mahali ambapo jingine linavuja. Tulipowachanganya, uzima wa kundi moja ulifunika jeraha la jingine, na faneli ikatuonesha upungufu wa wastani ambao kwa kweli hauwahusu wapya wala wanaohuisha.

Hapa umbo lenyewe lina lawama yake. Faneli huchorwa kana kwamba kuna maji ya aina moja yanayoshuka katika bomba moja. Haina nafasi ya kuonesha kwamba ndani yake mna mito miwili. Tena michoro mingi ya mapambo inayopatikana kwenye programu za ofisi huwa na mteremko uliokwisha kuchorwa, na mtumiaji huandika tarakimu juu yake. Iwe wamepungua watu watano au hamsini, mshazari ni uleule. Afadhali kuchora mihimili ya kawaida inayoanzia ukingo mmoja wa kushoto, kila kundi na mihimili yake, na kando ya kila mhimili kuandikwe asilimia ya hatua iliyotangulia. Haupendezi sana ukutani, lakini jicho hulinganisha kwa urahisi.

Turudi kwa wale 80 ambao hawajalipa. Kabla ya kusema wamepotea, lazima tujue kila mmoja alipewa namba yake lini. Aliyepewa tarehe 29 ya mwezi wa mwisho wa robo, na taarifa ikafungwa tarehe 30, hajapotea. Bado yuko njiani. Tuseme tumetenganisha kwa tarehe. Waliopewa namba katika miezi miwili ya kwanza ni 180, na kati yao 140 wamelipa na 40 hawajalipa. Waliopewa mwezi wa tatu ni 75, na kati yao 35 wamelipa na 40 bado. Kwa hiyo nusu ya wale 80 ni watu ambao hatuna haki ya kuwahukumu mapema. Tukibaki na waliopata muda wa kutosha, upungufu ni 40 kati ya 180, yaani asilimia 22 badala ya 31. Tundu bado lipo, ila ni dogo kuliko mchoro ulivyotuambia.

Njia ya uhakika ni kuwafuata watu walewale: kuchukua wote walioanza mwezi mmoja, kisha kuwangoja kwa muda uliokubaliwa, kwa mfano siku 60, ndipo faneli yao ichorwe. Ofisi nyingi hazifanyi hivyo. Huhesabu matukio ya mwezi: maombi mangapi yametumwa mwezi huu, malipo mangapi yamepokelewa mwezi huu. Aliyelipa mwezi huu huenda alituma ombi mwezi uliopita. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuitambua, kwani ipo siku hatua ya chini itakuwa pana kuliko ya juu yake, na mwandishi wa taarifa atashangaa walipaji wametoka wapi.

Wamebaki 40. Hawa walituma maombi, wakaidhinishwa, wakapewa namba, na mwezi mzima au zaidi umepita. Mchoro unasema hawakulipa, na ni wepesi kuhitimisha kwamba hawana fedha au hawataki. Lakini kati ya mfumo kutoa namba na mtu kulipa kuna hatua ambayo hatukuichora: mtu kupata habari kwamba namba imetoka. Wafanyabiashara wengi wadogo hujaziwa maombi kwenye steshenari, na anayejaza huweza kuandika namba yake mwenyewe ya simu ili apokee ujumbe wa uthibitisho haraka. Ombi likiidhinishwa siku tatu baadaye, ujumbe wa malipo unakwenda kwa kijana wa steshenari. Mama wa duka anaendelea kungoja, akidhani ombi lake bado linashughulikiwa, hadi siku wakaguzi wanapofika dukani na kumkuta hana leseni halali. Kwake yeye, adhabu inayofuata ni matokeo ya ujumbe ambao hakuuona.

Jambo hili linaweza kupimwa bila gharama. Toa orodha ya wasiolipa, panga kwa safu ya namba ya simu, kisha tazama kama namba moja inajirudia kwenye maombi ya watu tofauti. Namba ikionekana mara sita au kumi, si ya mwombaji. Kwa wale ambao namba zao hazijirudii, chagua ishirini na uwapigie. Swali liwe moja tu, iwapo walipata ujumbe wa malipo. Majibu yakionesha kwamba walioupata ni wachache, kuongeza muda wa kulipa hakutasaidia, ila kubadili fomu ili iulize waziwazi namba ya mwenye biashara kutasaidia. Wakisema waliupata lakini fedha ilikuwa ngumu, hilo ni jambo jingine, na dawa yake si ya fomu.

Kuna watu ambao faneli haitawaonesha hata ikichorwa kwa uangalifu wote huu. Ni wale ambao hawakuwahi kufungua akaunti wala kufika dirishani, ilhali wanafanya biashara kila siku. Faneli huanzia mlangoni kwetu. Aliye nje ya mlango hana mhimili. Hao hutafutwa kwa kulinganisha orodha ya leseni na daftari la vizimba vya soko au orodha ya maduka aliyonayo mtendaji wa kijiji, jina kwa jina.